Nina dakika 20 za kuzungumzia zana za kuchati zinazosoma picha. Naombeni mnipitie rasimu

Mwezeshaji_Korogwe

Wakuu, habari za jioni. Alhamisi ijayo tuna jioni ya mafunzo kwenye ukumbi wa kata. Tutaanza baada ya Isha ili kina mama wawe wamemaliza shughuli za nyumbani. Wanaokuja ni wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Wengi wana simu janja, na baadhi yao wameshaanza kupiga picha kurasa za daftari la kikundi na kuitumia akili mnemba iwaandikie upya na iwajumlishie. Mimi nimepewa dakika 20 kueleza hizi zana zinaweza nini na zinakwama wapi.

Nimeamua nisitaje mambo mengi. Nimechukua ukurasa mmoja wa daftari na kusimamia hapo hapo. Rasimu ndiyo hii, naomba mnikosoe:

> Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Leo tuna jambo moja tu. Unapiga picha ukurasa wa daftari, unaituma kwenye zana ya kuchati, unaiambia iuandike upya na ijumlishe. Je, inaweza? Inaweza, na mara nyingi inafanya vizuri. Inatambua kwamba huu ni ukurasa wa hisa, safu hii ni ya majina na ile ni ya pesa. Inasoma mwandiko wa katibu hata ukiwa umelala kidogo, na inakupangia jedwali safi.
>
> Sasa tazameni ukurasa huu nilioutengeneza kwa ajili ya leo. Una wanachama 10 wa kubuni. Hisa moja ni shilingi 2,000, na kwa utaratibu wetu hakuna anayenunua zaidi ya hisa 5 kwenye mkutano mmoja. Kuanzia mwanachama wa kwanza, katibu ameandika 5, 3, 2, 4. Wa tano hakuja, nafasi yake iko wazi. Wa sita kuendelea ni 1, 5, 2, 3, 4. Jumla ni hisa 29, na chini ya ukurasa pameandikwa 58,000.
>
> Zana imerudisha hivi: 5, 3, 2, 4, 3, 7, 5, 2, 3, 4, na chini yake 58,000.
>
> Tazameni ilivyo safi. Lakini jumlisheni wenyewe hizo namba zake: zinafika hisa 38, yaani 76,000. Ile 58,000 haikuipata kwa kujumlisha, imeinakili kutoka chini ya ukurasa wetu. Pengo ni 18,000, sawa na hisa 9. Hisa 9 zimetoka wapi? Mwanachama wa sita amepewa 7, na kwetu 7 haiwezekani. Ilikuwa 1 yenye kichwa kilichopinda, hapo zimezidi 6. Zimebaki 3. Ni za mwanachama wa tano, yule ambaye hata mkutanoni hakuja. Zana imekuta nafasi tupu, na kwa kuwa mistari yote ya juu na ya chini ina namba, nayo ikaweka namba.
>
> Hii zana ni kama mtu aliyeombwa kunakili daftari giza likiingia, naye anaona haya kusema haoni. Palipo wazi atanakili sawasawa. Pasipo wazi ataandika kinachoelekea kuwa ndicho, kwa mwandiko ule ule mzuri.

Kisha nataka nimalizie na namna ya kuhakiki. Hapo ndipo sina uhakika niseme nini na niache nini. Karibuni.

---

Bi_Harusi_2

Kaka hongera kwa kazi nzuri. Mimi natafuta ile inayotengeneza bango la mwaliko wa harusi, unaweka picha ya bwana na bibi halafu inapamba. Ni hiyo hiyo?

---

Mwezeshaji_Korogwe

Dada yangu, hiyo ni kazi nyingine. Mimi nazungumzia kuipa picha iisome, wewe unataka itengeneze picha. Zipo zinazofanya yote mawili, ila kwa bango, maandishi ya Kiswahili yasome herufi kwa herufi kabla ya kuchapisha. Huwa zinavuruga majina.

---

Kamera_Kali

Mkuu, mimi naona unawatisha watu bure. Hizi zana zinasoma kama skana, herufi kwa herufi. Tatizo ni simu za bei ndogo. Picha ikiwa safi jibu linakuwa safi. Mtu akiwa na simu ya megapikseli 108 hayo ya 1 kuwa 7 hayatokei.

---

Nurdin_wa_Data

Kamera_Kali, nusu ya ulichosema ni kweli na Mwezeshaji akiseme: mwanga na ukaribu vinasaidia sana. Nusu ya pili siyo.

Kwanza hizo megapikseli. Simu ya kawaida inatoa picha ya pikseli kama 4,000 kwa 3,000. Zana nyingi hazisomi picha kwa ukubwa huo. Zinaipunguza kwanza, nyingine mpaka kwenye pikseli 1,500 hivi kwa upande mrefu, nyingine zinaacha kubwa zaidi kidogo. Kwa hiyo simu ya 108 na ya 12 zinaweza kufika mezani zikiwa karibu sawa.

Chukua ukurasa wa A4, urefu wake milimita 297. Ukijaza picha yote, kila milimita inapata pikseli 13 hivi. Baada ya kupunguzwa zinabaki 5. Tarakimu yenye urefu wa milimita 4 inabaki na pikseli 20, inasomeka. Lakini kile kichwa cha 7 kinachoitofautisha na 1 kina milimita moja tu, yaani pikseli 5. Sasa mtu akipiga daftari likiwa juu ya meza, meza nayo imeingia, kikombe kimeingia, daftari likabaki nusu ya picha, kile kichwa kinabaki na pikseli 2 au 3. Hapo hata wewe ungekisia.

Dawa yake haihitaji simu mpya. Piga nusu ukurasa kwa picha moja, nusu nyingine kwa picha ya pili, simu iwe juu ya daftari moja kwa moja, imelala sambamba nalo, na kivuli chako kisiangukie karatasi. Kila tarakimu inakuwa imeongezeka karibu mara moja na nusu kabla hata ya kununua chochote. Na picha isipite kwanza kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu kule hubanwa. Ikibidi ipite huko, itumwe kama faili.

La pili ndilo kubwa zaidi. Skana zile za zamani za kusoma maandishi zikishindwa zinakutolea takataka: herufi zimekatika, alama za ajabu, unaona mwenyewe kwamba hapa pameharibika. Hizi za kuchati haziharibiki hivyo. Jina la Mwanahawa likififia zinakuandikia Mwanaidi, jina zuri la Kiswahili, limenyooka. Kosa halifanani na kosa. Ndiyo maana ile nafasi tupu ikajazwa 3. Kamera hapo haihusiki kabisa, karatasi ilikuwa nyeupe na safi.

---

Kamera_Kali

Hapo kwenye nafasi tupu nimekuelewa. Ila si unaiambia tu isikisie? Mimi huwa naandika "usibuni chochote, pasiposomeka andika haisomeki" na inatii.

---

Nurdin_wa_Data

Inasaidia, na Mwezeshaji aiweke kwenye maongezi yake. Ongeza na "mstari usio na namba uuache wazi". Lakini kumbuka zana yenyewe mara nyingi haijui kwamba imekisia. Kwake ile 7 ilionekana ni 7. Itaandika "haisomeki" pale penye wino uliomwagika, itaacha ile 1 ipite. Kwa hiyo tangazo la "haisomeki" mbili kwenye jedwali halina maana kwamba mistari mingine yote ni salama.

Kuna jaribio zuri kuliko hilo. Fungua mazungumzo mapya kabisa, tuma picha ile ile, uliza vile vile. Linganisha majedwali mawili. Mstari ambao majibu yametofautiana ndio uanze nao. Ambao yamefanana bado haujathibitika, kwa sababu inaweza kukosea vile vile mara zote mbili.

---

Mkulima_Mvomero

Samahani kuingilia uzi. Mimi nilituma picha ya jani la mahindi limekuwa la njano, nikauliza "je, huu ni upungufu wa mbolea?" Ikanikubalia, ikanieleza mpaka kiasi cha urea. Shemeji yangu akatuma jani la shamba hilo hilo, yeye akauliza "je, huu ni ugonjwa wa virusi?" Naye ikamkubalia. Sasa tumuamini nani?

---

Nurdin_wa_Data

Msimuamini yeyote kati ya hao. Umeleta jambo ambalo Mwezeshaji hakuligusa: swali lenye jibu ndani yake. Ukiuliza "je, hii ni 7?" zana ina mwelekeo wa kukukubalia. Uliza "hapa pameandikwa nini?"

Kwa jani lako kuna jambo lingine. Upungufu wa naitrojeni unaanzia majani ya chini, yale ya zamani, njano inaingia kutoka ncha ya jani kufuata mshipa wa kati kama herufi V. Ugonjwa wa mnyauko wa mahindi ule wa virusi hujionyesha sana kwenye majani machanga ya juu, rangi ikiwa ya mabaka mabaka. Sasa wewe umekata jani, ukaliweka juu ya gunia, ukalipiga picha. Lilikuwa la juu au la chini? Picha haisemi. Hata macho yawe makali namna gani, habari hiyo haimo. Piga mmea mzima ukiwa umesimama shambani, halafu jani la chini, halafu la juu, useme lipi ni lipi, na ueleze ulipanda lini na uliweka mbolea gani. Kisha yale majibu yapeleke kwa afisa ugani kama maswali ya kumuuliza. Urea usinunue kwa jibu hilo peke yake.

---

Mkulima_Mvomero

Lilikuwa la chini, nakumbuka. La shemeji sijui alilitoa wapi. Ahsante, kesho naenda kupiga mmea mzima.

---

Mama_Hazina

Mwezeshaji, mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu mwaka wa nne huu. Hesabu mmezieleza vizuri, lakini mbona hakuna aliyeuliza kuhusu majina? Ukurasa wetu una jina la mtu, deni lake, faini yake na siku alizochelewa. Mtu anaupiga picha na kuutuma kwenye mtambo usiojulikana uko nchi gani. Mwanachama hakuulizwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Kwetu likitokea jambo hilo, mtu atasimama mkutanoni na kikundi kitavunjika kabla ya kufika kwenye sheria.

---

Mwezeshaji_Korogwe

Mama, umenifungua macho. Unapendekeza niwaambie wasitume kabisa?

---

Mama_Hazina

Mimi ningesema hivyo. Lakini najua watatuma tu, kwa hiyo wafundishe kuficha. Katika daftari letu kila mwanachama ana namba. Kata karatasi nyembamba ndefu, iweke juu ya safu ya majina, zibaki namba za wanachama na pesa. Ndipo upige. Kufuta majina kwa kidole kwenye simu baada ya kupiga sikushauri, watu wanasahau wanatuma ile ya mwanzo.

Na jambo hilo lipitishwe kwenye mkutano na kuandikwa kwenye muhtasari. Katibu asijiamulie.

---

Nurdin_wa_Data

Hiyo karatasi ya Mama Hazina ina faida ya pili. Majina yakitoka unaweza kusogeza simu karibu zaidi na safu za pesa, tarakimu zinakuwa kubwa. Tena majina ndiyo yanayokosewa sana.

Niongeze kidogo: faili ya picha yenyewe inaweza kubeba mahali ilipopigwa, kama mtu amewasha mahali kwenye kamera. Wazime kwenye mipangilio ya kamera.

---

Sauti_ya_Fimbo

Habari zenu. Mimi sioni tangu utotoni, natumia simu inayonisomea skrini. Nimeona Mwezeshaji amejikita kwenye daftari, sina neno. Ila kama ukumbini atakuwepo mtu kama mimi, naomba asisahau upande wa pili. Kwetu sisi hizi zana zimefungua mlango mkubwa. Kabla yake kulikuwa na Be My Eyes, programu iliyoanzia Denmark mwaka 2015, unampigia mtu wa kujitolea kwa video anakueleza kilicho mbele yako. Mwaka 2023 wakaongeza maelezo ya picha yanayotolewa na mashine. Leo nikipewa barua naisoma mwenyewe, sihitaji kumpa jirani siri zangu.

Nimejifunza kwamba swali fupi linaniponza. Nikiuliza "dawa hii inaisha lini?" napewa tarehe hapo hapo. Nikisema "nisomee kila kilichoandikwa kwenye boksi, upande huu tu, na useme picha imekatika wapi", ndipo nasikia kwamba upande huo hauna tarehe kabisa, au tarehe inayoonekana ni ya kutengenezwa. Zile tarehe zinazogongwa bila wino, kwenye mkunjo wa tyubu au ukingo wa karatasi ya vidonge, ndizo mbaya kuliko zote. Hazina rangi, zinaonekana kwa kivuli tu. Nikiwasha taa ya simu zinapotea, nikimwomba mtu ashike tochi ubavuni zinatokea.

---

Mwezeshaji_Korogwe

Ahsante sana kaka. Nilikuwa nimepanga kuwaambia wazi: dawa na picha visikutane kamwe. Wewe unaonaje?

---

Sauti_ya_Fimbo

Hapo hatukubaliani. Wewe unayeona ukiambiwa "usitumie" unachukua boksi unasoma. Mimi saa 5 usiku mtoto ana homa, kwenye droo kuna chupa mbili zinazofanana kwa mguso, famasi imefungwa. Nikitumia zana nikajua ipi ni ya kikohozi na ipi ni ya homa, nimepata kitu. Kipimo cha kumpa sikichukui kutoka kwenye picha, hicho huwa namuuliza mfamasia siku ninayonunua na ninakirekodi kwa sauti. Lakini kusema kamwe ni kutufungia nje.

---

Mama_Hazina

Kaka, na ikikosea kati ya hizo chupa mbili? Mimi ni mama, ningempigia simu jirani.

---

Sauti_ya_Fimbo

Mama, jirani nampigia pia, akipokea. Asipopokea je?

---

Nurdin_wa_Data

Mimi sitaamua ugomvi huu. Ila kuna tofauti kati ya kazi mbili mnazozitaja. Kutambua chupa ni ipi kwa maandishi makubwa ya mbele, hapo zana ina nguvu. Kusoma mililita na tarehe kwenye maandishi madogo ya nyuma, hapo ndipo zile pikseli 2 au 3 zinapoingia, na kosa lake halionekani. Mwezeshaji akitenganisha hizo mbili, watu wataelewa bila kuambiwa kamwe.

---

Mwezeshaji_Korogwe

Nashukuru sana wote. Sehemu ya kuhakiki nimeiandika hivi sasa, mnipigie msasa:

> Kabla ya kupiga, funika majina kwa kipande cha karatasi, na hilo liwe limekubaliwa mkutanoni. Piga nusu ukurasa, simu ikiwa juu ya daftari moja kwa moja, imelala sambamba nalo. Omba hivi: "Andika upya kila mstari kama ulivyo, mstari mmoja baada ya mwingine, kwa namba ya mwanachama. Mstari usio na kitu uache wazi. Pasiposomeka andika haisomeki. Usijumlishe." Jumla tutaipata wenyewe kwa kikokotoo, kwa sababu tumeshaona inaweza kutunakilia jumla yetu na kutufanya tudhani imehesabu.
>
> Likija jedwali, kwanza hesabu mistari: ya daftari 10, ya jedwali 10. Pili, tafuta namba isiyowezekana kwa kanuni zetu, kama hisa 7. Tatu, jumlisha na ulinganishe na daftari.
>
> Lakini jumla ikilingana bado msifurahi. Chukueni ukurasa wetu ule ule. Mwanachama wa pili ana 3 na wa tatu ana 2. Zana ikiteleza mstari ikampa wa pili 2 na wa tatu 3, jumla inabaki 29, pesa zinabaki 58,000, na mtu mmoja ameibiwa hisa bila mwizi. Jumla haiwezi kuliona hilo. Kwa hiyo watu wawili wakae, mmoja ana daftari, mwingine ana simu. Mwenye daftari anasoma kwa sauti, mwenye simu anatia alama. Ni mistari 10 tu.

Kwa dawa nitafuata alivyosema Nurdin, nitenganishe jina la mbele na maandishi madogo. Najua Mama Hazina hajaridhika.

---

Mama_Hazina

Sijaridhika, ila ya daftari umeyaweka vizuri. Swali langu moja: kama mwishowe watu wawili wanakaa na kusoma mstari kwa mstari, hiyo zana imetuokolea nini?

---

Mwezeshaji_Korogwe

Imeokoa kuandika, mama. Kikundi chenye wanachama 30 na kurasa za mwaka mzima, kazi ya kuchapa yote kwenye simu ndiyo inayomshinda katibu. Kuhakiki ni kwepesi kuliko kuchapa. Kwa ukurasa mmoja wa wiki hii, nakubaliana nawe, kalamu inatosha.

---

Kamera_Kali

Mkuu, mtandao wa hapo ukumbini ukoje? Hizi zana nyingi zinapeleka picha kwenye mtambo wa mbali, bila mtandao hakuna kitu. Usije ukasimama mbele za watu duara linazunguka.

---

Mwezeshaji_Korogwe

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nitachapisha karatasi mbili kwa kila meza, ukurasa wa daftari upande wa kushoto na jedwali la zana upande wa kulia, nisiwaambie kosa liko wapi mpaka walitafute wenyewe kwa kalamu. Zana nitaionyesha mwishoni kama mtandao utakubali.

---

Sauti_ya_Fimbo

Na mmoja asome hizo karatasi kwa sauti, tafadhali. Alhamisi nitakuwepo.